Supakapasita ya faradi 1 itakishika kifaa kwa muda gani umeme ukikatika?

*"Wakuu, nina supakapasita ya kidonge ya 1 F, 5.5 V, inayochajiwa na 5 V kupitia dayodi. Kifaa kinavuta 20 mA muda wote na kinazima volti ikifika 3.3. Hesabu inanipa sekunde 85 lakini sifiki hata nusu. Kwa nini?"*

Mkuu, hesabu yako imeanzia 5 V, ilhali dayodi ya Shotki hula takribani volti 0.3, hivyo kapasita huishia 4.7 V. Hilo pekee linakushusha hadi sekunde 70, lakini mla muda mkubwa ni ukinzani wa ndani wa kapasita yenyewe. Kanuni kamili ni hii:

```
t = C × (V0 − Vmin − I × R) / I
```

Kapasita za kidonge za aina hiyo mara nyingi huwa na ukinzani wa omu 30 hivi, na mkondo wa 20 mA ukipita humo, volti 0.6 hupotea papo hapo umeme unapokatika, kabla chaji haijapungua kwa kiasi cha maana. Kati ya volti 1.4 ulizozitegemea unabaki na 0.8, yaani sekunde 40. Na kwa kuwa watengenezaji wengi huruhusu ujazo upungue kwa asilimia 20, kapasita yako inaweza kuwa 0.8 F tu, nawe ukapata sekunde 32.

Utalithibitisha kwa multimita. Iweke kwenye miguu ya kapasita, kisha ukate umeme: volti itaanguka ghafla kwa 0.6, halafu itateremka polepole kwa mstari ulionyooka, takribani volti 0.02 kila sekunde. Kifaa kikizima na kuacha kuvuta, volti hupanda tena yenyewe. Mimi hiyo ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kwamba chaji ilikuwamo bado, ila haikuweza kutoka kwa mkondo huo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni uzee. Joto na miaka vikipunguza ujazo hadi 0.7 F na kuongeza ukinzani hadi omu 60, kushuka kwa ghafla kunakuwa volti 1.2, na muda unabaki sekunde 7. Kapasita za kidonge zinafaa saa ya ndani ya kifaa inayovuta mikroampia chache, si mzigo kama wako.

Mimi ningeunganisha kwa mfululizo seli mbili za silinda za 10 F, 2.7 V, ambazo kwa pamoja hutoa 5 F, ukinzani wake ukiwa sehemu ndogo tu ya omu, na muda ukakaribia sekunde 350. Weka rezista mbili zinazolingana, moja sambamba na kila seli, ili volti zigawanyike sawa, la sivyo seli moja inaweza kuvuka 2.7 V na kuharibika. Weka pia rezista ya kupunguza mkondo wa kuchaji, kwa maana seli tupu huvuta kama waya uliogusana, lakini ipitwe na dayodi wakati wa kutoa chaji, isije ikakurudishia ukinzani uleule uliokuwa unaukimbia.