7805 au regulata ya kuswichi?

"Bodi yangu ya kupima kina cha maji hapa Mwaloni Kirumba inakula miliampea 100 kwa volti 5. Betri ni ya volti 12. 7805 inaunguza vidole, nibadilishe?"

Badilisha, kaka. 7805 ni regulata ya linia, hivyo volti 7 zinazozidi zinaishia kuwa joto: 7 × 0.1 ni wati 0.7, na bila bati la kupoozea 7805 hupanda kama nyuzi 45 juu ya joto la hewa. Kama kuna aliyekushauri uongeze bati, yuko sahihi nusu: kidole kitapona, ila betri itatoa miliampea 100 zilezile. Ya kuswichi yenye ufanisi wa asilimia 85 itavuta kama 49.

Shida yake ni kelele. Kihisi cha analogi kikianza kurukaruka namba maji yakiwa yametulia, rudisha 7805 kwa muda ulinganishe. Zikitulia, chanzo ni kuswichi. Hapo kipe kihisi peke yake regulata ndogo ya linia ya volti 3.3, kama kinakubali volti hizo. Mkondo wake mdogo hautaleta joto.

Dada uliyeuliza kuhusu bodi inayolala muda mwingi, kwako joto si hoja. Angalia regulata inakula kiasi gani bodi ikiwa imelala: 7805 hunywa kama miliampea 5 muda wote.