Hotuba ya kufungulia semina ya makarani: anza na hati ya mzani

"Wakuu, nimeambiwa nifungue semina ya makarani wetu hapa Tanga, dakika tano tu. Mada ni kukagua maamuzi ya mfumo yanayotoka kwa JSON kabla hawajasaini. Niseme nini wasisinzie?"

Mkuu, acha kuwaeleza JSON ni nini. Makarani nimewafundisha kazi hii kwenye ghala la mkonge hapahapa, na mabano wanayazoea kabla ya chai ya saa nne. Wanachohitaji kuona ni uamuzi ulioandikwa vizuri kabisa, programu imeupitisha, na bado haufai kusainiwa. Onyesha mmoja tu kwenye skrini. Huu nimeutunga kwa mfano wa niliokuwa nautumia:

```json
{
  "hati": "0047",
  "uamuzi": "KUBALI",
  "marobota": 48,
  "uzito_kg": 12000,
  "uzito_mzani_kg": null,
  "sababu": "Uzito unalingana na hati ya mzani.",
  "uhakika": 0.96
}
```

Halafu useme hivi, kwa maneno yako:

"Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za asubuhi. Mbele yenu kuna uamuzi unaosema KUBALI. Naomba tuusome kuanzia chini. Sababu inasema uzito unalingana na hati ya mzani. Haya, mzani umesoma kilo ngapi? Pameandikwa `null`. Hiyo si sifuri. Maana yake mfumo haukupata namba yoyote pale. Labda picha ya hati ilikuwa na kivuli, labda ukurasa wa pili haukuskaniwa. Sasa umelinganisha na nini?

"Tazameni na ile 12000. Robota la mkonge huhesabiwa kilo 250. Zidisheni kwa 48, mnapata 12,000 kamili. Kwa hiyo kilo hizi hazijapimwa, zimezidishwa. Nyinyi mmesimama kwenye mzani, mnajua marobota 48 hayatoi namba iliyonyooka namna hiyo. Hati yenyewe ninayo mkononi: kilo 11,640. Pungufu ni kilo 360, zaidi ya robota zima, na ukisaini, jina linaloulizwa ni lako.

"Kwa hiyo leo tunajifunza mpangilio mmoja. Hati kwanza: unaisoma na kuandika namba zako. Pili unafungua sehemu za JSON, unalinganisha moja moja. Uamuzi unautazama mwisho. Karibuni."

Hapo umemaliza, kaa chini.

Wakikuuliza kwa nini uamuzi uwe wa mwisho, kuna majibu mawili. La kwanza ni la kibinadamu: jicho likishaona KUBALI, linatafuta vinavyokubaliana nayo, na ile `null` linairuka. La pili linahusu mfumo, kama wenu unatumia modeli ya lugha. Modeli hizo huandika kipande baada ya kipande kuanzia mwanzo. "uamuzi" ukiandikwa kabla ya "sababu", basi sababu imetungwa wakati uamuzi umeshatolewa, inakuja kuusindikiza tu. Waombe mafundi wapange sababu itangulie. Inasaidia, ila haimwondolei karani kazi ya kusoma hati.

Hiyo 0.96 itakuletea ubishi, maana kuna mtu atasema asilimia 96 inatosha. Muulize imetoka wapi. Mara nyingi ni namba ambayo modeli imejiandikia yenyewe, kama ilivyoandika ile sababu. Ingekuwa na uzito kama mtu angechukua maamuzi ya zamani yenye 0.96, akayafungua na hati zake, akahesabu ni mangapi yalikuwa sahihi. Pasipo hesabu hiyo, karani asiitumie kuamua lipi alikague na lipi aliache.

Jambo moja msiliache lipite: karani akikuta kasoro asirekebishe JSON yenyewe. Nimeona watu wanaandika 11640 pale kwenye `null` kisha wanasaini, na kesho yake hakuna anayejua mfumo ulikosea nini. Uamuzi wa mfumo ubaki ulivyo. Karani aandike wake pembeni: RUDISHA, sehemu ni `uzito_mzani_kg`, hati inasema 11,640, na jina lake.

Na bosi akiwa kiti cha mbele, ambaye ndiye ninayemlenga hasa, mwambie waziwazi mbele yao: kama karani anatakiwa asaini mafaili mengi kiasi kwamba hana nafasi hata ya kufungua hati, semina hii haitamsaidia. Wengine watakushauri umwambie faraghani. Mimi naona mbele ya makarani ndipo anapolazimika kujibu.

Hati za mzani zigawe mlangoni, kabla projekta haijawashwa, uwaombe waandike kilo juu ya karatasi. Watakaosahau kuandika utawajua skrini ikiwaka: watakuwa wanaitikia KUBALI.