Swabu ya pua negativu, karantini iishe?

"Farasi wangu ana stranglesi, ule ugonjwa wa bakteria unaoleta majipu ya taya na koo. Jipu la chini ya taya lilipasuka wiki 2 zilizopita, swabu ya pua negativu ila kingamwili ziko juu, nimrudishe kwa wenzie?"

– Kingamwili juu ni bado anaumwa huyo, mpige antibiotiki.

– Usimtoe bado. Na hapana ndugu, kingamwili zinaonyesha tu kwamba alikutana na stranglesi, na kwa farasi aliyetoka kuugua kwa kawaida huwa juu, haziwezi kukwambia kama bado anabeba bakteria. Shida ni ile swabu, inaokota kilichoshuka puani siku hiyo tu, na usaha unaweza kubaki kwenye vifuko vya koo ukatoka kidogokidogo miezi mingi. Ngoja angalau wiki 3 tangu dalili ziishe, halafu daktari apitishe kamera aoshe vifuko vyote viwili, maji yapimwe PCR. Jike wetu mmoja pua kavu kabisa, anakula vizuri, swabu 2 safi, kamera ikakuta kifuko cha kushoto kina usaha umeganda kama kokoto, ikabidi kokoto zitolewe moja moja.

– Wangu PCR pozitivu ila kalcha haikuota kitu?

– PCR inashika hata bakteria waliokufa, ila mimi ningemtenga tu, nioshe na kupima tena.