Kifungu Kilichojificha Katika Jalada la Malipo

Anayeanza kujenga rejesta ya mikataba kwa kawaida hutenga safu za jina la mzabuni, thamani ya mkataba, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika. Mimi nashauri aongeze safu ya siku ya mwisho ambayo notisi ya kutohuisha mkataba inapaswa kuwa imekwisha kufika kwa upande wa pili, kwa sababu mikataba mingi ya huduma haifi yenyewe muda wake unapokwisha.

Nikiwa afisa kumbukumbu, nilikuwa nikiingiza mkataba wa matengenezo ya lifti uliokuwa unamalizika tarehe 30 Juni. Kifungu cha muda kilieleza kwamba mkataba ungejihuisha kwa mwaka mmoja zaidi, isipokuwa upande mmoja utoe notisi ya maandishi si chini ya siku 30 kabla ya kumalizika. Kwa hesabu hiyo, siku ya mwisho ilikuwa 31 Mei, na uongozi, ambao ulikwisha kuamua kutafuta mzabuni mwingine, ulikuwa na nafasi ya kutosha.

Kabla ya kufunga ingizo lolote, mimi hulinganisha bei iliyomo mkatabani na ankara ya karibuni iliyolipwa. Hapa hazikulingana: malipo ya kila robo mwaka yalizidi kiasi kilichokubaliwa, tena kwa ankara kadhaa mfululizo. Tofauti ya namna hiyo, ikiwa ya kudumu, mara nyingi huashiria kwamba kuna nyongeza ya mkataba ambayo haikufika masjala. Niliomba jalada la malipo kutoka uhasibu, na humo, katikati ya ankara, nikaikuta nyongeza ya kurasa mbili, imetiwa saini na pande zote. Ukurasa wa kwanza ulihusu bei mpya. Wa pili ulikuwa na sentensi moja iliyobadilisha siku 30 kuwa 90.

Siku ya mwisho ikarudi nyuma hadi 1 Aprili, nasi tulikuwa tayari katikati ya Machi. Kifungu cha mawasiliano nacho kilisema kwamba barua ya posta huhesabiwa imepokelewa siku 5 za kazi baada ya kutumwa, kwa hiyo mwanasheria wetu alipothibitisha tafsiri hiyo, barua ilipelekwa kwa mkono katika anwani iliyotajwa mkatabani, na nakala ikarudi ikiwa na mhuri, saini na tarehe ya mpokeaji.

Tangu hapo kila ingizo langu huonyesha namba ya kifungu na hati kilimotoka, iwe mkataba mama au nyongeza, na tahadhari ya kwanza huiweka siku 60 kabla ya siku ya notisi. Pale ambapo bei na ankara hazilingani, ingizo hubaki na alama ya "halijathibitishwa" hadi uhasibu na idara inayotumia huduma wajibu kwa maandishi kama wanashikilia hati nyingine yoyote.