Barua kwa mwanangu: kuulizia maombi ya kazi yaliyokaa kimya

"Shikamoo mama. Ile kazi ya ofisa manunuzi niliyoomba, wiki saba sasa na sijasikia chochote. Niwaandikie kuulizia, au wataniona msumbufu wanikate kabisa? Na nikiandika, niseme nini?"

Marahaba, mwanangu.

Waandikie. Lakini kwanza fungua tena lile tangazo ulilonitumia, uangalie tarehe. Wewe ulituma tarehe 3 Machi, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa tarehe 28 Machi. Unahesabu tangu siku uliyotuma. Wao huko ofisini wanahesabu tangu siku ya mwisho. Leo ni tarehe 22 Aprili, kwa hiyo kwao bado ni wiki tatu na siku chache tu. Sehemu nyingi hawagusi maombi mpaka siku ya mwisho ipite, hata kama ya kwako yalikuwa ya kwanza kufika, kwa sababu waombaji wote wanatakiwa kuchujwa pamoja. Ungewaandikia katikati ya Machi ungekuwa umewahi mno. Sasa ni wakati wake.

Unajua nimekaa idara ya utumishi miaka mingi, kwa hiyo nikueleze kidogo kinachotokea huko ndani, maana hofu yako inatokana na kutokukiona. Dirisha likifungwa, karani anaingiza maombi kwenye jedwali: jina, elimu, uzoefu, viambatisho vipo au havipo. Jedwali linakwenda kwa mkuu wa idara inayohitaji mtu, naye ndiye anayekaa na watu wa utumishi kufanya mchujo. Hapo ndipo mambo hukwama. Mkuu yuko safarini. Kibali cha fedha ya mshahara hakijasainiwa. Au kuna mtu wa ndani anayefikiriwa kupandishwa, na nafasi imesimamishwa bila kutangazwa kuwa imesimamishwa. Katika hali zote hizo hakuna aliyekukataa, na hakuna mwenye jibu la kukupa. Jina lako limo kwenye jedwali, mstari wake umekaa tu. Kwa hiyo usiusome ukimya kama hukumu.

Ndiyo maana swali utakaloliuliza lina uzito kuliko adabu utakayoizungushia. Barua nyingi za kuulizia huja na swali moja: "Nimepata au sijapata?" Anayeipokea baruapepe hiyo ni karani au ofisa mdogo, na hana mamlaka ya kulijibu kabla mchujo haujaisha. Hata akijua, haruhusiwi kusema. Basi anaiacha, akikusudia kuirudia baadaye, na baadaye haiji. Muulize jambo ambalo anaweza kulijibu kwa mstari mmoja bila kumwomba mtu ruhusa: maombi yangu mliyapokea yakiwa kamili? Mchujo umekamilika au unaendelea? Hayo yako mbele yake kwenye jedwali. Akijibu hayo mawili, nawe umeshajua ulipo.

Kabla ya kuandika, hakikisha kosa haliko upande wako. Fungua folda ya Spam, au Junk kama baruapepe yako inaiita hivyo, utafute kwa jina la taasisi yao. Mialiko ya usaili hupotelea humo, hasa inayotumwa na mfumo wenyewe badala ya mtu. Halafu angalia kama siku ile ulipotuma ulirudishiwa ujumbe kutoka kwa Mail Delivery Subsystem. Huo maana yake baruapepe yako haikufika, mara nyingi kwa sababu viambatisho vilikuwa vizito au anwani ilikosewa herufi. Na kama kuna mahali pengine ulikoomba kupitia tovuti yao, ingia kwenye akaunti yako uone maombi yanasomeka vipi. Yakisomeka Draft, hayajatumwa bado, hata kama ulijaza kila kitu.

Tangazo lenyewe lisome mpaka mstari wa chini. La kwako linasema "watakaoitwa kwenye usaili pekee ndio watakaojulishwa." Maana yake wasiochaguliwa hawataandikiwa, basi. Halikukatazi kuuliza mara moja kwa maandishi. Lingesema wazi kwamba maulizo hayapokelewi, ningekwambia uliheshimu na unyamaze.

Sasa uandishi. Usifungue baruapepe mpya. Nenda kwenye ile uliyotuma tarehe 3 Machi, bonyeza Reply, na kwenye anwani hakikisha inakwenda kwao, isirudi kwako mwenyewe. Hapo chini yake yatabaki maombi yako ya mwanzo, na anayefungua hatahitaji kuhangaika kutafuta wewe ni nani. Viambatisho vya zamani havitakwenda navyo, kwa hiyo ambatisha tena wasifu wako peke yake. Kichwa kirekebishe kionyeshe nafasi, namba ya kumbukumbu iliyo kwenye tangazo, na jina lako kamili kama lilivyo kwenye vyeti. Mimi ningeandika hivi:

"Kuulizia maombi: Ofisa Manunuzi, Kumb. Na. (ya kwenye tangazo), (jina lako kamili)

Ndugu Mkuu wa Idara ya Rasilimali Watu,

Tarehe 3 Machi nilituma maombi ya nafasi ya Ofisa Manunuzi, ambayo mwisho wa kupokea maombi ulikuwa tarehe 28 Machi. Bado ninaihitaji nafasi hiyo.

Ningeshukuru kufahamishwa kama maombi yangu yalifika yakiwa kamili, na kama mchujo umekamilika au bado unaendelea. Nimeambatisha tena wasifu wangu kwa urahisi wa rejea.

Tangu nilipotuma maombi nimemaliza mafunzo ya usimamizi wa mikataba, na cheti ninacho tayari endapo kitahitajika.

Napatikana kwa simu ileile iliyo kwenye wasifu. Natanguliza shukrani."

Inatosha. Inasomeka kwenye simu bila kuteremsha sana, na hicho ndicho kipimo changu. Umeona sijaweka "samahani kwa usumbufu"? Hukumsumbua mtu. Ukianza kwa kuomba radhi, msomaji anaanza kutafuta kosa. Sijaweka pia habari za shida nyumbani, wala "nimesubiri kwa muda mrefu bila majibu," kwa sababu sentensi hiyo inamlaumu mtu ambaye huenda ndiye atakayekusaidia. Ile ya mafunzo ya mikataba nimeiweka kwa sababu ni kweli umeyamaliza mwezi huu na yanagusa kazi yenyewe. Kama usingekuwa na jipya, ningeiruka aya nzima. Kurudia sifa ambazo zimo kwenye wasifu hakuongezi kitu.

Kuna vijana wawili nawakumbuka waliotuandikia kuhusu nafasi moja. Wa kwanza aliandika "Habari, naulizia majibu ya kazi," bila nafasi, bila jina la ukoo, kutoka anwani yenye jina la utani. Karani alijaribu kumtafuta, akakuta watu watatu wenye jina hilo la kwanza kwenye jedwali, akaachana naye. Wa pili aliandika karibu kama nilivyokuandikia hapo juu. Karani akaenda moja kwa moja kwenye mstari wake, na kwenye safu ya maoni kulikuwa na maneno "kiambatisho hakifunguki." Faili lake lilikuwa limeharibika, na hivyo lilivyo angeangukia kwa wasio na vyeti. Mchujo ulikuwa haujafanyika na utaratibu wetu uliruhusu, akaambiwa alete upya siku hiyohiyo, akaleta. Kama alipata kazi au hakupata ni habari nyingine, lakini alichujwa kwa sifa zake. Hiyo ndiyo faida halisi ya kuulizia. Haimsogezi mtu mbele ya wenzake. Inamwondolea kikwazo asichokijua kama kipo.

Itume asubuhi katikati ya wiki. Jumatatu masanduku yamejaa, na Ijumaa mchana watu wana haraka ya kufunga ofisi. Halafu iache. Wape siku kumi za kazi, na katika siku hizo usimwandikie mkubwa wa taasisi, usimtafute ofisa kwenye mtandao wa kijamii wala kumtumia ujumbe kwenye simu yake binafsi. Hapo ndipo mtu anapokuwa msumbufu kweli. Baruapepe moja yenye adabu haijawahi kumkatisha mtu mezani kwangu. Ujumbe wa saa tatu usiku kwenye simu ya ofisa ulishawahi.

Wakikujibu kwamba mchujo unaendelea, washukuru kwa mstari mmoja na uulize kama kuna tarehe inayotarajiwa. Wakikutajia, usiulize tena kabla haijapita. Wakisema nafasi imeshajazwa, washukuru vilevile na uombe wabaki na wasifu wako kwa nafasi zijazo, kama utaratibu wao unaruhusu. Hilo si la kuzuga: aliyechaguliwa wakati mwingine hatokei kuripoti, na ofisi hurudi kwenye orodha ileile kabla ya kutangaza upya.

Siku kumi zikipita kimya, piga simu mara moja, kwa namba ya ofisi iliyo kwenye tangazo. Mwambie wa mapokezi nafasi na namba ya kumbukumbu, umwombe akuunganishe na anayeshughulikia maombi. Swali ni lilelile. Andika jina la uliyezungumza naye na alichokwambia. Baada ya hapo iweke kando, usiwaandikie tena. Simaanishi umekataliwa, ni kwamba umeshajitahidi kadiri ya uwezo wako, na muda unaobaki utumie kwenye maombi mengine. Natumaini hukuyasimamisha kusubiri hawa.

Mambo mawili ya mwisho. Mwajiri mwingine akikupa nafasi kabla hawa hawajajibu, hapo una sababu nzuri ya kuwaandikia hata kama siku kumi hazijaisha: waeleze kwamba umepewa nafasi kwingine na unatakiwa kujibu kufikia tarehe fulani, lakini ungependa kujua hatua waliyofikia. Iwe kweli tu. Wakikuuliza ni nani na huna cha kusema, umejimaliza. Na mtu yeyote akikujibu kwamba maombi yako yatasogezwa ukitoa hela ya "kufungua faili" au ya usaili, usimtumie hata senti, wala nakala ya kitambulisho. Linganisha anwani yake na ile iliyo kwenye tangazo, herufi kwa herufi, kisha wapigie ofisi wenyewe uwaarifu.

Anza na folda ya Spam leo hii. Ukikuta haina kitu, andika rasimu yako unitumie niipitie kesho usiku, ili iondoke kwao keshokutwa asubuhi.

Mama yako