CFE kwa mkaguzi wa ndani wa SACCO: thamani yake iko wapi?

Swali: Mimi ni mkaguzi wa ndani wa SACCO hapa Kenya, nina shahada, CPA na miaka sita kazini. Meneja ananishauri nifanye CFE. Je, itanisaidia kukamata wizi, au nitaongeza tu herufi nyuma ya jina?

Jibu: Kukamata wizi hakuhitaji CFE. CFE ni cheti cha uchunguzi wa udanganyifu, na kina kazi baada ya dalili kuonekana, pale mkaguzi anapotakiwa kuthibitisha nani alifanya, alifanyaje na hasara ni kiasi gani, kwa namna ambayo wakili wa upande wa pili hataibomoa. Kwa hiyo kabla hujalipa ada, tafuta mafaili yako ya tuhuma yanafia wapi.

Tuchukue wizi mnaoujua sana kwenye SACCO, ule wa akaunti zilizolala. Mwanachama amekaa miezi 12 au zaidi bila muamala. Mtu anaingia kwenye mfumo, anabadilisha namba ya simu ya mwanachama huyo, na baada ya siku chache akiba inatolewa kwa simu. Kuuona si kazi ngumu. Omba orodha ya mabadiliko yote ya namba za simu na orodha ya utoaji wa fedha, uziunganishe kwa namba ya mwanachama, kisha ubakize akaunti zilizokuwa zimelala na zikatolewa fedha ndani ya siku 30 baada ya namba kubadilishwa. Mkaguzi yeyote anayejua kuunganisha majedwali mawili atafanya hivyo kwa asubuhi moja. Kama unakokwama ni hapo, yaani hujui kuomba kumbukumbu za mfumo wala kuzichambua, jifunze SQL au programu ya kuchambua data. CFE haitakutibu.

Tuseme umepata akaunti 11, jumla ya shilingi 1,840,000, na mabadiliko yote yamefanywa kwa jina la kuingilia la keshia mmoja. Hapa ndipo wakaguzi wengi hukosea, na wanakosea mara mbili.

Kosa la kwanza ni kuandika kwamba hasara ni 1,840,000. Hiyo ni jumla ya miamala inayotia shaka. Ukiwasiliana na wanachama wenyewe, kwa namba za zamani na kwa anwani zilizo kwenye fomu zao za kujiunga, unaweza kukuta watatu walibadilisha simu kihalali na kutoa akiba zao, jumla 410,000. Zinabaki akaunti nane na 1,430,000. Kama mmoja wa hao wanane alilalamika kaunta na kimya kimya akarudishiwa 120,000, basi pengo lililobaki ni 1,310,000, na huyo aliyerudishiwa ni shahidi wako mzuri kuliko wote: nani alimrudishia, na fedha zilitoka wapi? Ripoti iliyoandika 1,840,000 humalizwa na wakili kwa kumleta mwanachama mmoja tu aseme, "Mimi nilitoa pesa zangu mwenyewe." Baada ya hapo hata zile akaunti nane za kweli zinaanza kutiliwa shaka.

Kosa la pili ni kuchukulia jina la kuingilia kuwa ndiye mtu. Nywila huazimana, hasa saa ya chakula cha mchana keshia anapomwachia mwenzake kaunta. Mchunguzi huweka saa ya kila badiliko kando ya daftari la zamu, rejista ya likizo na kompyuta iliyotumika. Kama mabadiliko mawili kati ya manane yalifanyika siku ambayo keshia alikuwa likizo, bado huna mtuhumiwa mmoja. Una nywila iliyovuja, na pengine una watu wawili. Halafu zipo zile namba mpya za simu. Ukimpigia rafiki yako kwenye kampuni ya simu akutajie zimesajiliwa kwa majina ya nani, umeingia matatani na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na jibu lake hulitumii popote. Taarifa hizo huombwa na polisi kwa amri ya mahakama, na ndiyo maana faili lako linatakiwa kuwa safi kabla hujawapelekea.

Mtaala wa CFE, unaotolewa na ACFE, chama cha wachunguzi wa udanganyifu chenye makao yake Austin, Texas, unagusa hasa mambo haya. Unapita kwenye miamala ya fedha na mbinu za udanganyifu, sheria, uchunguzi na uzuiaji. Kwa mwenye CPA, sehemu ya miamala ni marudio kwa kiasi kikubwa. Faida iko kwenye uchunguzi na sheria: kuanza mahojiano na walio mbali na tukio na kumwacha mtuhumiwa mwisho, kuandika maelezo bila kutoa hukumu, na kutunza kielelezo ili ijulikane kimepita mikononi mwa nani. Mkaguzi anayemuita keshia siku ya kwanza anampa wiki nzima ya kufuta ujumbe na kupanga maelezo na wenzake.

Lakini usidhani cheti kitafanya yote. Mitaala ya kimataifa haikufundishi kila kifungu cha Kenya. Ile orodha yako kutoka kwenye mfumo ni ushahidi wa kielektroniki, na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai hati inayoeleza rekodi ilitolewaje na kwa kifaa gani, ikiwa na saini ya mtu mwenye wadhifa unaohusika na mfumo huo. Mtu huyo kwa kawaida ni wa TEHAMA. Omba hati hiyo siku ile ile unapotoa data, maana miezi minane baadaye huenda ameshaacha kazi. Vilevile kifungu cha 48, kinachohusu maoni ya wataalamu, kinatazama ujuzi maalumu wa shahidi. Hakitaji cheti hiki wala kile. Herufi zitakusaidia kujitambulisha kizimbani, lakini maswali yatakuwa kuhusu ulivyofika kwenye 1,310,000.

Kuhusu sifa, huna tatizo. ACFE huhesabu pointi: 40 za kuruhusiwa mtihani na 50 za kupewa cheti, pamoja na uzoefu wa angalau miaka miwili. Shahada peke yake ina 40, CPA huongeza 10, na kila mwaka wa kazi inayohusiana na udanganyifu, ukaguzi ukiwemo, huongeza 5. Ukishapata utadaiwa saa 20 za mafunzo kila mwaka, angalau 10 zikiwa za udanganyifu, pamoja na ada ya uanachama. Hiyo ada ya kila mwaka ndiyo watu husahau wanapopiga hesabu. CFF, cheti cha uchunguzi wa kifedha cha AICPA, chama cha wahasibu wa Marekani, iache. Iliundwa kwa ajili ya CPA wa Marekani. KASNEB nayo ina cheti chake cha uchunguzi wa udanganyifu, CFFE, na ni vyema uweke mitaala yote miwili mezani, utazame upi una sheria za hapa nyumbani.

Sasa chukua mafaili yako matatu ya mwisho ya tuhuma. Kama yalikwama kwenye mahojiano, kwenye hesabu ya hasara au kwa sababu vielelezo vilikataliwa, CFE itajilipa. Kama huna hata mafaili matatu, subiri. Na kabla ya yote, fungua hati ya mamlaka ya idara yako ya ukaguzi, usome kama inakuruhusu kuhoji wafanyakazi na kuzuia kumbukumbu zisifutwe. Kama haikuruhusu, peleka marekebisho kwa kamati ya usimamizi kwanza, kwa sababu keshia ana haki ya kukataa kukaa mbele yako, uwe na cheti au usiwe nacho.