Sura ya Pili Imerudishwa na "So What?" Kila Kona? Jaribu Hivi

Dada mmoja anayesomea Kakamega ameniandikia inbox jana, supavaiza amemrudishia sura ya pili ya thesis, ile ya mapitio ya maandiko, na swali moja pembeni ya kila kichwa: hii inaingiaje hapa? Nimemwelewa sana, kwa sababu kwa difensi yangu kuna mtu alisema mapitio ya wenzangu ni orodha ya vitabu lakini yangu inasomeka kama hoja, na hiyo sijaisahau mpaka leo.

Wengi wakiambiwa sehemu haziungani wanaongeza sentensi kama "baada ya kujadili gugumaji, sasa tunaangalia vikundi vya kusimamia ufuo, yaani BMU." Hiyo inatangaza tu, haiunganishi. Fanya hivi: chukua karatasi, kila sehemu iandikie sentensi moja, na isiwe mada, iwe dai. Yangu ilikuwa ya wamama wachuuzi wa samaki hapa Kisumu, ikawa hivi. Ya kwanza, gugumaji likiziba Ghuba ya Winam, maboti hayatoki vizuri na samaki wanaofika ufuoni wanapungua. Ya pili, ufuo unasimamiwa na BMU. Ya tatu, mchuuzi anapata samaki kupitia uhusiano wake na mvuvi, hata ule wa jaboya, yaani ngono kwa samaki.

Sasa katikati ya kila mbili weka neno: kwa hivyo, lakini, au kwa sababu. Kati ya ya kwanza na ya pili hakuna linaloingia isipokuwa "pia", na ukiona "pia" peke yake ndiyo inakubali, jua mpangilio hauna sababu, hapo hata sentensi tamu namna gani haisaidii, hamisha sehemu. Nikaruka ya pili nikajaribu ya tatu: samaki wamepungua, kwa hivyo wachuuzi wanawagombania na anayepata ni mwenye uhusiano na mvuvi. Halafu: lakini ufuo una BMU ya kuusimamia, je, mkono wake unafika kwenye makubaliano hayo ya siri? Unaona, BMU imeenda mwisho na imepata kazi.

Ndio sasa uandike viungo. Sehemu ya gugumaji nilimalizia na swali la nani anapata samaki wakiwa wachache, na inayofuata ikaanza na "samaki hawa wachache", yaani unaanzia kwa kile msomaji ameshika tayari ndio umpe kipya. Usianze na "Fulani (2015) anasema", hapo unamwachia msomaji kazi yako, na hiyo si haki kabisa.

Ukishahamisha, tafuta kila "kama ilivyoelezwa hapo juu", maana sasa inaweza kuwa iko chini, na uangalie BMU imeelezwa kirefu pale inapotajwa mara ya kwanza, sio pale ilipokuwa zamani.